Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Karani, Mwalimu na Mashine, kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Maswali haya, kuhusu kazi za ukarani na ualimu wakati mifumo ya kompyuta na akili mnemba inapoingia, yanarudi kila msimu wa korosho, kutoka kwa makarani wa vyama vya msingi, walimu, na wazazi wenye vijana waliomaliza kidato cha nne. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya hali za pekee. Jibu likishatolewa mahali pamoja halirudiwi, utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya msingi

1. Ni kweli kazi za ukarani zinakwisha?

Kinachokwisha kwanza ni kunakili. Kazi ya karani ina vipande vingi: kupokea mtu, kuandika, kunakili kutoka daftari moja kwenda jingine, kujumlisha, kukagua, kueleza, kutunza kumbukumbu. Mashine haiji kuchukua cheo kizima kwa siku moja, inachukua vipande. Kunakili na kujumlisha ndiyo mepesi zaidi kwake.

Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilichambua majukumu ya makundi mbalimbali ya wafanyakazi kuona yapi yanaweza kufanywa na akili mnemba. Makarani waliongoza. Asilimia 24 ya majukumu yao iliwekwa kwenye kiwango cha juu cha kuguswa, na asilimia 58 nyingine kwenye kiwango cha kati. Kwa makundi mengine, kiwango hicho cha juu kilikuwa kati ya asilimia 1 na 4 tu. Soma vizuri lakini: hizo ni asilimia za majukumu, hazisemi kwamba karani mmoja kati ya wanne atafukuzwa.

Kwa ofisi zetu, dalili ya kwanza haiji kama barua ya kuachishwa kazi. Mtu anastaafu na nafasi yake haijazwi, kwa sababu waliobaki wanamaliza kazi yake kwa mfumo.

2. Mbona kompyuta zipo miaka mingi na makarani bado wapo?

Kwa sababu kila mfumo unapoondoa kazi moja huzaa nyingine. Tangu 2017 malipo ya serikali yamekuwa yakihamia kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Karani aliyekuwa akipokea fedha taslimu dirishani na kukata risiti alipungukiwa na kazi hiyo. Lakini nenda dirisha lolote leo uone foleni ya nani: ni ya watu waliolipa na malipo hayaonekani, walioandikiwa namba ya mwenzao, waliolipia huduma siyo. Anayeweza kufuatilia malipo hayo hadi yapatikane bado anahitajika sana. Aliyejua kukata risiti tu ndiye aliyepata shida.

## Karani wa chama cha msingi

3. Kwenye korosho, ni hatua zipi tayari zimechukuliwa na mashine?

Fuata gunia. Mkulima analeta korosho AMCOS, zinapimwa, zinapangwa daraja, anapewa stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu, unapimwa tena, unaingia mnadani, bei ikipatikana makato yanaondolewa na fedha zinakwenda kwenye akaunti ya benki ya mkulima. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08, na kwa miaka mingi kila hatua ilikuwa na daftari lake na karani wake.

Mnada ndio uliobadilika kwa kishindo. Zamani wanunuzi walitumbukiza zabuni kwenye sanduku na zikafunguliwa mbele ya wakulima. Kuanzia msimu wa 2024/25 minada imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na ofa zinaonekana kwenye skrini. Mizani ya kidijitali nayo inaingia vyamani, na hesabu za ushirika zinaingizwa kwenye MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Hesabu ni rahisi hapo: mizani ikituma kilo moja kwa moja kwenye mfumo, hakuna haja ya karani wa pili kunakili kutoka daftari la mizani, wala wa tatu kutengeneza orodha ya malipo. Kazi iliyokuwa ya watu watatu inabaki ya mmoja. Swali la maana ni huyo mmoja anatakiwa kujua nini, na jibu linafuata.

4. Kama mizani inaandika yenyewe, karani anabaki kufanya nini?

Anabaki kujua namba ipi ni ya uongo, na kwa nini. Tuchukue mfano wa kubuni.

Chama kimepeleka ghala kuu magunia 156. Kwenye kumbukumbu za chama ni kilo 12,480. Ghala kuu limepima kilo 12,324. Mfumo unaonyesha upungufu wa kilo 156 kwa rangi nyekundu, na unaishia hapo. Kijijini minong'ono inaanza: tumeibiwa.

Karani mzoefu ana maelezo matatu ya kupima. La kwanza ni unyaukaji. Korosho iliyopokelewa haijakauka vizuri hupoteza maji ikiwa ghalani, lakini haipotezi sawasawa: magunia yaliyoingia na unyevu mwingi, na yaliyokaa muda mrefu, hupungua kuliko mengine. La pili ni wizi au kosa la kuhesabu. Hapo upungufu hukaa mahali pamoja, kwenye magunia machache au gari moja, na mengine yote yako sawa. La tatu ni uzito wa gunia lenyewe. Gunia la katani tupu lina takriban kilo moja. Mizani isiporudishwa sifuri kwa uzito huo, kila gunia linaongezewa kilo ambayo si korosho.

Sasa gawa: kilo 156 kwa magunia 156 ni kilo moja kila gunia. Hiyo inaelekeza kwenye gunia tupu. Lakini usitangaze bado, kwa sababu wastani unaweza kuficha mambo. Omba magunia kumi ya tarehe tofauti na ya wakulima tofauti yapimwe upya, moja moja. Yote kumi yakipungua karibu na kilo moja, umepata jibu. Mawili yakipungua kilo saba na manane yakiwa sawa, hadithi ni nyingine kabisa na unatakiwa kwenda kwa meneja kabla ya kwenda kwa wakulima.

Tuseme ni uzito wa gunia. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, kuna shilingi 468,000 zilizoandikwa kwa wakulima lakini mnunuzi hatazilipa, maana korosho hizo hazipo. Watu huwa wepesi wa kusema tugawane hasara kwa vichwa. Hiyo inamwonea mwenye gunia moja. Marekebisho yanakwenda kwa gunia: aliyeleta matatu anapunguziwa kilo tatu, aliyeleta ishirini kilo ishirini. Kisha mtu mmoja anasimama kwenye mkutano na kuwaeleza wazee, mbele ya mizani, kwa gunia tupu mkononi.

Mizani ya kidijitali haizuii kosa hili. Isiporudishwa sifuri asubuhi, itatuma kosa lilelile siku nzima, haraka zaidi na kwa mwandiko mzuri.

5. Nifundishwe nini cha Excel ambacho kitanifaa kweli?

Anza na kuzuia data isiharibike, kabla ya kujifunza kupaka jedwali rangi. Mfano unaowakuta wengi ni namba ya NIDA. Ina tarakimu 20. Excel inahifadhi namba kwa usahihi wa tarakimu 15 tu, kwa hiyo ukiandika namba ya NIDA bila vistari kwenye seli ya kawaida, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri, na kwenye skrini unaona kitu kama `1.99E+19`. Ukishaingiza namba hivyo, zile tarakimu haziwezi kurudishwa. Namba za akaunti zinazoanza na sifuri nazo hupoteza sifuri ya mbele. Dawa ni kuchagua safu nzima na kuiweka `Text` kabla ya kuandika chochote. Kuiweka baadaye hakusaidii.

Ukimaliza kuingiza, kagua kwa fomula mbili. Chukulia namba ziko safu B, mstari wa 2 hadi wa 900. Ziandike mstari wa 2 kwenye safu mbili tupu, kisha uziburute hadi mstari wa 900:

```
=LEN(B2)
=SUMPRODUCT(--(B$2:B$900=B2))
```

Ya kwanza inahesabu herufi, na kwa NIDA jibu lazima liwe 20. Ya pili inaonyesha namba hiyo imejirudia mara ngapi, na jibu linapaswa kuwa 1. Wengi hufundishwa `COUNTIF` kwa kazi hii. Kwa namba ndefu inadanganya: inazisoma kama namba za kawaida, inaishia tarakimu ya 15, kisha inakuambia watu wawili tofauti ni mmoja.

Akaunti ikijirudia, usiifute kwanza. Huenda ni mume na mke wanaotumia akaunti moja kwa makubaliano. Huenda pia ni mnunuzi wa kangomba aliyewaandikisha wakulima watano kwa akaunti yake. Fomula haijui tofauti hiyo, wewe unaijua au unajua wa kumuuliza.

6. Malipo yakirudi kutoka benki ni kazi ya mfumo au ya karani?

Mfumo utasema yamerudi. Sababu za kawaida ni jina la chama kutolingana na la benki, tarakimu iliyokosewa, au akaunti iliyolala tangu msimu uliopita. Karani anayetunza daftari dogo la sababu hizo na kuzirekebisha mwezi mmoja kabla ya mnada wa kwanza ana thamani ambayo meneja anaiona kwa macho. Ni kazi ya simu, na ya kufahamiana na watu.

## Mwalimu

7. Na mwalimu je, atabadilishwa na akili mnemba?

Kwa darasa la msingi, sioni hilo likija. Makaratasi yake ndiyo yanayoguswa: azimio la kazi, andalio la somo, kukokotoa wastani na nafasi, ripoti za wazazi. Mwalimu aliyekuwa akiheshimika shuleni kwa sababu ndiye pekee anayejua kupanga matokeo anapoteza heshima hiyo. Kwa mengine, tazama maswali ya 8 na 9.

8. Tuna mfano wowote wa mashine kuingia kwenye kazi ya ualimu hapa nchini?

Tunao, na wengi wameusahau. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani lilianza kutumia fomu za OMR kwenye mtihani wa darasa la saba. Mtoto anasiliba kivuli kwa penseli na mashine inasoma. Kusahihisha kwa mkono, kwa sehemu hiyo, kukaondoka.

Jambo la kuangalia ni lililofuata. Mashine ilisoma majibu ya kuchagua tu, kwa hiyo Hisabati nayo ikawa ya kuchagua, na watu wakauliza mtoto anayebahatisha A, B au C amejifunza nini. Baadaye maswali machache ya kuonyesha njia yakarudishwa, na hayo yanahitaji jicho la mwalimu. Mashine iliondoa usahihishaji mwepesi, ikafanya utungaji wa swali zuri kuwa kazi nzito kuliko zamani. Kwa maoni yangu huo ndio ujuzi wa ualimu unaopuuzwa kuliko wote.

9. Utungaji wa swali ni ujuzi gani? Si kila mwalimu anatunga?

Anatunga, lakini tazama swali hili: 52 − 27. Mwalimu mmoja anaweka machaguo 25, 26, 24 na 30. Mtoto akikosea, umejua amekosea tu.

Mwingine anaweka 25, 35 na 79. Aliyechagua 79 amejumlisha, pengine hakuiona alama. Aliyechagua 35 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila safu: tano kutoa mbili ni tatu, saba kutoa mbili ni tano. Mpe 41 − 18 atakuandikia 37. Mpe 63 − 25 atakuandikia 42. Huyo habahatishi. Ana kanuni yake, tena anaifuata kwa uaminifu, na ukimrudishia daftari lenye alama za kosa bila kumwambia kanuni ipi ni mbovu ataendelea nayo hadi kidato cha kwanza.

Hapo mashine na mwalimu wanasaidiana. Programu ya kusahihisha inaweza kukuambia kwa dakika moja kwamba watoto 31 kati ya 84 wamechagua 35. Kujua kwamba hiyo maana yake hawajui kukopa kwenye kutoa, na kuwaita hao 31 mbele na mafungu ya vijiti vya kumi-kumi, ni kazi yako. Na machaguo yasingekuwa yametungwa vizuri, ripoti hiyo isingesema lolote.

Kwenye kusoma ni hivyohivyo. Mtoto wa Newala vijijini aliyeanza shule akiongea Kimakonde nyumbani, au wa Nachingwea akiongea Kimwera, anaweza kutamka neno la Kiswahili kwa lafudhi ya kwao na akawa amelisoma sawasawa. Mwingine analitamka vizuri kwa kukariri ukurasa, hajui herufi. Mwalimu anayemweka mtoto karibu na kumfunika neno la pili anawatofautisha mara moja.

10. Naweza kuandaa andalio la somo kwa akili mnemba?

Unaweza, ukikagua mambo matatu. Kwanza mtaala: mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, na programu hizi zimesoma maandiko mengi ya mtaala wa zamani. Zitakupa mada na umahiri ambao haumo tena kwenye muhtasari wako, kwa lugha ya kujiamini. Weka muhtasari wa Taasisi ya Elimu pembeni na ulinganishe mstari kwa mstari.

Pili zana. Andalio litakuambia "wanafunzi watazame video". Kama shule haina umeme, huo ni mchezo wa kuigiza mbele ya mkaguzi. Maganda ya korosho na vijiti vinatosha kwa hesabu nyingi za darasa la pili.

Tatu muda. Kazi ya vikundi iliyoandikwa dakika 10 kwa darasa la watoto 90 itachukua nusu ya kipindi kabla vikundi havijakaa.

## Kuchagua cha kusoma

11. Mwanangu amemaliza kidato cha nne. Asome uhazili, utunzaji kumbukumbu, uhasibu au ualimu?

Usichague jina la kozi kabla hujaona orodha ya masomo yake. Kozi ya uhazili ambayo sehemu kubwa ni kuchapa kwa kasi na kupanga barua inamfundisha vile vipande vya swali la 1 vinavyoondoka. Utunzaji kumbukumbu ukimfundisha kupanga mafaili ya karatasi peke yake, tatizo ni lilelile. Ukimfundisha pia kuhamisha kumbukumbu kwenye mfumo, kuzipa majina yanayotafutika, kujua ipi itunzwe miaka mingapi na nani aruhusiwe kuiona, hapo ana kitu.

Kwa uhasibu, ulizia kama wanafanya usuluhishi wa hesabu za benki kwa nyaraka halisi zenye makosa ndani yake. Mtwara kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, mtume kijana aende akaulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho walifanya mara ngapi. Kwa ualimu, angalia mafunzo kwa vitendo: ni wiki ngapi, na kuna mtu anayekaa nyuma ya darasa kumtazama?

Kuna kipimo kimoja ninachokitumia kwa kozi yoyote: mwanafunzi apewe jibu lenye kosa, aonyeshe kosa liko wapi. Vyuo vinavyofanya mitihani ya namna hiyo ni adimu, lakini vipo.

12. Ajifunze kuandika programu za kompyuta?

Akipenda, sawa. Kwa karani na mwalimu si lazima. Fomula za swali la 5 na uwezo wa kusafisha orodha ya watu 900 vitamlipa mapema zaidi.

## Hali za pekee

13. Mtandao ukikatika kabisa, ujuzi wa mifumo unasaidia nini?

Mei 2024 tulipata funzo. Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, na siku chache baadaye nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Ofisi zilizo na fomu ya karatasi yenye safu zilezile za mfumo, kwa mpangilio uleule, huendelea kazi katika hali kama hiyo, kisha huingiza data baadaye kwa kuhesabu: fomu ni ngapi, zilizoingia ni ngapi, zilizobaki ziko kwa nani. Kama chama au shule yako haina fomu hiyo, itengeneze wiki hii.

14. Mkuu wangu amenipa nywila yake nimjazie mfumo. Nikatae?

Ndiyo, kwa adabu. Mfumo unaandika jina la mwenye nywila kila kitu kinapobadilishwa. Malipo yakileta utata, yeye atasema hakuwepo na wewe huna namna ya kuonyesha ulichofanya na usichofanya. Mwambie, "Mkuu, naomba nifunguliwe akaunti yangu ya kuingiza data, wewe ubaki wa kuidhinisha." Mifumo mingi ya serikali inatenganisha hatua hizo mbili, na msimamizi wa mfumo anaweza kukufungulia.

15. Naweza kupakia orodha ya wakulima au matokeo ya wanafunzi kwenye programu ya bure ya akili mnemba?

Ikiwa na majina, namba za NIDA, akaunti au simu, usipakie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na inamhusu anayekusanya taarifa za watu, chama na shule zikiwemo. Ondoa safu hizo, weka namba za kawaida 1, 2, 3, kisha upakie kilo au alama tu. Orodha ya kuunganisha namba na majina inabaki kwako.

16. Nina miaka 54, ni karani wa daftari. Nijifunze au nisubiri kustaafu?

Jifunze kidogo, na ufundishe sana. Wewe ndiye unayejua kwamba mkulima fulani ana mikorosho kumi na mitano na hawezi kuleta magunia arobaini. Kijana aliyeajiriwa mwaka jana anajua mfumo lakini hilo halijui, atalipokea na kubonyeza. Kaeni meza moja msimu huu: yeye aingize, wewe usome orodha kila jioni kabla haijatumwa na uweke alama kwenye kila namba inayokushangaza. Mwambie meneja aandike jukumu hilo kwenye majukumu yako rasmi, lisibaki la hisani, na litengewe muda kabla ya saa ya kufunga hesabu za siku.